Malengo ya Mafunzo: Warsha ya Siku Moja ya Huduma ya Kwanza kwa Waendesha Bodaboda, Busia

Washiriki ni waendesha bodaboda 20 wa steji za mjini Busia, upande wa Uganda. Tutaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni, tukiwa na sanamu 4 za mazoezi. Hatutamuuliza mtu kama ameelewa, tutamtazama akifanya. Mkufunzi atatia alama kwenye karatasi, na asiyefaulu atarudia mara moja kabla ya kwenda nyumbani.

Ifikapo jioni, kila mshiriki aweze:

1. Akionyeshwa ajali ya kuigiza barabarani, kutaja hatari zilizopo (magari, petroli iliyomwagika, umati) kabla ya kumgusa majeruhi, kisha kuigiza simu kwa 999 au 112 akieleza mahali, idadi ya majeruhi na hali zao. Kukosa kutaja mahali ni kufeli, hata kama mengine yote amesema.

2. Kukagua kama majeruhi asiyeitika anapumua, kwa muda usiozidi sekunde 10. Akiwa anapumua na hana dalili za kuumia shingo au mgongo, amlaze kiubavu, njia ya hewa ikiwa wazi.

3. Kwenye sanamu, kukandamiza kifua kwa dakika 2 mfululizo: kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikiachwa kirudi juu kila mara. Anayepuliza pumzi afuate 30 kwa 2. Asiye tayari kupuliza akandamize tu bila kukoma, na hapunguziwi alama. Hapa ndipo wengi huchoka, kwa hiyo lengo hili limetengewa saa mbili nzima.

4. Kuzuia damu inayotoka kwa wingi: avae glavu au mfuko safi wa plastiki mkononi, akandamize jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, na asifunue kuchungulia. Kitambaa kikilowa, aongeze kingine juu yake na azidi kukandamiza. Kamba ya kukaza mguu au mkono hatuifundishi. Siku moja haitoshi, na ikifungwa vibaya huharibu kiungo.

5. Kupoza sehemu iliyoungua (ekzosi ya pikipiki mnaijua) kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kutaja vitu vitatu visivyopakwa, dawa ya meno ikiwemo.

6. Akipewa visa vinne vya majeruhi, kuamua kwa usahihi angalau vitatu: nani asubiri ambulensi na nani anaweza kusafirishwa. Kisa cha anayelalamika shingo au mgongo ni lazima akipate, maana mazoea yetu ni kumkalisha majeruhi katikati ya watu wawili kwenye pikipiki na kuondoka naye.

Warsha itahesabiwa kufaulu wakifika 17 kati ya 20 kwenye malengo ya 3, 4 na 6.