Taa Tano za Dashibodi

(MUZIKI UNAPANDA, UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Madereva wangu, za asubuhi! Leo niko na fundi, tunaongelea taa za dashibodi. Fundi, tuanze na ipi?

FUNDI: Ya oili, ile kama kibirika chenye tone. Ikiwaka nyekundu unatembea, paki pembeni uzime injini hapohapo, usiseme ngoja nifike sheli, presha ya oili ikishuka vyuma vinasagana na injini inakufa ndani ya dakika chache tu.

MTANGAZAJI: Temprecha je?

FUNDI: Simama, zima, iache ipoe. Na mfuniko wa rejeta ya moto usiguse jamani, kovu hili la mkono nililipata hivyo, maji yaliniruka mpaka kwenye kiwiko.

MTANGAZAJI: Pole sana. Breki?

FUNDI: Umeshusha hendibreki na bado inawaka? Mafuta ya breki yamepungua, pengine yanavuja. Usithubutu kushuka nayo mlima Kitonga, una watu nyuma!

MTANGAZAJI: Ya betri?

FUNDI: Chaji haiingii, alteneta au mkanda. Usiku taa zinafifia, gari linazimika katikati ya lami.

MTANGAZAJI: Ya tano?

FUNDI: Ya injini. Ikipepesa, punguza mwendo, kuna plagi haichomi, nenda gereji leo.

(MUZIKI)