Vijiko Viwili vya Ch.

Kile kikaratasi nilikiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu kisa hiki kimeshasimuliwa kwetu Lindi mara nyingi mno, Idi hadi Idi, na kila kikisimuliwa anayechekwa ni kaka Issa peke yake, mimi nimekaa pembeni nacheka na wenzangu.

Ilikuwa Novemba, korosho zimepamba moto. Mama alikuwa anakwenda Mtama kumsaidia mama mdogo kuokota zake kabla mvua haijazikuta chini. Siku 3 tu, akasema, na siku hizo 3 jiko ni la Issa. Bibi akaguna pale mkekani, "Mwanamume na mbuzi ya nazi, haya." Mama akamjibu kwamba anayekula sahani mbili ajue na sufuria linavyokaa jikoni. Issa alikuwa na miaka 15, kidato cha 2, na kweli alikuwa anakula sahani mbili.

Bodaboda ilishafika nje inapiga honi. Mama anafunga kilemba huku ananitajia, mimi naandika nyuma ya kipande cha mfuko wa sukari. Samaki wapake chumvi na ndimu, wakaange. Vitunguu 2, nyanya 3. Tui jepesi kwanza, zito mwisho, usiache kukoroga lisikatike. Chumvi vijiko 2 vya chai. Hapo karatasi ilikuwa imefika ukingoni, na honi imelia tena. Nikaandika "chumvi vijiko 2 vya ch." nikakibandika ukutani kwa kinundu cha ugali wa jana. Mimi nilijua ch. ni nini. Nani asingejua?

Jioni ile Issa alipika kama mtu anayefanya mtihani. Changu watano aliwakaanga vizuri, hata mkia haukukatika. Nazi mbili alizikuna mwenyewe, miguu kaitanua juu ya mbuzi, jasho linamdondoka, na kila watu wakipita uani anainama kama anatafuta kitu. Mimi nilikuwa nje namwogesha Musa, mdogo wetu wa miaka 5, ambaye akishapakwa sabuni hukimbia. Kwa hiyo sikumwona kaka alipofikia mstari wa mwisho. Yaliyotokea aliyasema mwenyewe baadaye, mbele ya baraza zima.

"Nikasoma ch. Nikajiuliza, ch. gani? Chai sipiki. Napika chakula. Basi ni kijiko cha chakula."

Akachukua kile kijiko kikubwa cha kulia wali, akachota chumvi laini ya pakiti, viwili, vimejaa. Akakoroga. Hakuonja. Kwa nini hakuonja? Kwa sababu karatasi ilishasema.

Baba alirudi magharibi. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, kazi ya kukomba chumvi kutoka kwenye majaruba maji ya bahari yakishakauka, na msimu wa kiangazi alirudi na weupe kwenye nyusi na visigino vilivyopasuka. Siku hiyo alioga, akajisugua kwa dodoki, akaswali, akaja kukaa. Tukamwamkia. Sinia la wali likawekwa katikati, bakuli la mchuzi juu yake, wa njano, mzito, unanukia. Nasema ukweli, mchuzi ule kwa macho ulikuwa mzuri kuliko wa mama.

Baba akasema bismillahi, akamega tonge, akachovya.

Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena polepole, akameza, akatazama viganja vyake, kimoja, halafu cha pili. "Hivi," akasema, "mimi nimeshatoka kazini au bado niko jaruba?"

Musa alikuwa ameshatia mdomoni. Uso wake ulijikunja wote ukaelekea puani, akatoa ulimi nje akaufuta kwa kanzu ya baba. Bibi yeye alikula matonge mawili mfululizo kwa heshima, machozi yakamtoka, ndipo akasema, "Mume wangu, umenipikia mchuzi au umenisindika nikae hadi masika?" Bibi humwita Issa mume wake tangu azaliwe, na siku hiyo nusura amwache.

Issa alikuwa kimya. Alichovya kidole, akalamba, masikio yakamwiva. Nilimwona anatazama mlango kana kwamba barabara ya Masasi inaanzia pale kizingitini.

"Umeweka ngapi?" baba akauliza.

"Viwili. Kama mama alivyosema."

"Lete kijiko."

Akaleta kile kikubwa. Bibi akapiga kofi la kushangaa. Baba hakugomba. Aliomba na kijiko cha chai na kikombe cha maji, akaweka kile kikubwa juu ya sinia, akaanza kumimina maji kwa kile kidogo. Kimoja. Cha pili. Cha tatu, kikubwa kikajaa hadi ukingoni, maji yametuna bila kumwagika. "Umeona? Mama yako kasema viwili, wewe umetia sita. Na samaki walikuwa na yao tayari." Halafu akashindwa kujizuia, maana ndiyo kazi yake: akaeleza kwamba hata kijiko kilekile hakichoti sawa. Chumvi ya mawe huacha nafasi katikati ya punje, laini hujipanga ikajaa yote, kwa hiyo kijiko cha laini ni kizito zaidi. Tulikuwa na njaa, lakini tulisikiliza.

Nikapendekeza tutie kiazi, maana nilisikia kinavuta chumvi. Bibi akanikata: "Kiazi kinakunywa mchuzi, mwanangu, hakichagui chumvi. Chumvi haitolewi, inaongezewa wenzake."

Akaamrisha akiwa mkekani. Samaki watolewe, wasuuzwe kwa maji ya moto. Mchuzi nusu utengwe kwenye bakuli. Nusu iliyobaki itiwe maji na tui la nazi nyingine, nyanya mbili, na mihogo iliyokuwa imebaki asubuhi ikatwe humo bila kuchemshwa na chumvi. Nazi ilikuwa moja tu, na Issa aliikuna upya saa 2 usiku kwa mwanga wa tochi ya simu niliyoishika mimi. Mkono ulinitetemeka. Alidhani nimechoka.

Tulikula saa 3 na nusu. Bado ilikuwa kali kidogo, mtungi ulikauka kabla ya kulala, na Musa aliamka mara mbili kuomba maji. Lakini sinia lilirudi jeupe. Ule mchuzi uliotengwa bibi aliugawa kidogo kidogo kwenye mboga za siku mbili zilizofuata, na Issa hakununua chumvi tena mpaka mama aliporudi.

Mama alirudi na gunia la mabibo yaliyokauka na habari za Mtama, akakuta habari za kwetu zimemtangulia hadi kwa majirani. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia jikoni kuweka maji ya chai, nikamsikia kanyamaza.

Alitoka na kikaratasi. Issa alikuwa kisimani. Mama alikisoma, akakisogeza mwangani, akakisoma tena, halafu akanitazama mimi na zile "ch" zangu zenye mkia mrefu ambazo mwalimu alikuwa akizisifu.

Hakusema neno. Alikikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga hela.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia mlangoni.

"Marahaba. Kesho unapika wewe."