Hatua Fupi, Pumzi Ndefu: maneno ya video ya kesho

Shikamoo kaka. Ile sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mpaka nimeishika. Ulianza hivi: "Vijana msikate tamaa, mafanikio ni safari ndefu, ni kama kupanda mlima, kila mtu na wakati wake." Ni kweli yote, ila mdogo wako aliyekaa pale stendi ya Moshi ameshayasikia mara mia, atapitisha kidole kabla hujafika mlimani. Mwishoni, ulipodhani umemaliza, ukataja unachowaambia wageni unaowapandisha Kilimanjaro, usiku mkitoka kambi ya Kibo: hatua fupi, pumzi ndefu. Hapo nilisimama. Hayo maneno manne ndiyo video, na mengine nimeyapanga yatufikishe hapo.

Ni kama dakika moja. Mkwaju mmoja ni kituo kidogo. Miwili, hesabu moja mbili moyoni. Mitatu, hesabu mpaka nne, na usiogope kimya.

Anayenipita Mandara / namkuta Kibo amekaa. ///

Anza hapo hapo, hata salamu usitoe. Sema kama unamwambia mtu aliye kando yako, sauti chini. Baada ya "amekaa" utatamani kuongeza "yaani". Usiongeze. Mtazamaji atabaki kwa sababu anataka kujua kwa nini huyo amekaa.

Nilianza mgumu, mbeba mizigo. / Kilo ishirini, mvua na jua. // Leo naongoza wageni. / Na kila safari / yupo mmoja mwenye haraka. //

Hapa songa upesi kidogo, ni njia tu. Ulikuwa umetaja mita za kila kambi na za kilele, nimezitoa mdomoni. Tarakimu za Kiswahili zinakula pumzi: "elfu tatu mia saba na ishirini" peke yake ni sekunde mbili. Nitaziandika kwenye kioo, Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, Uhuru 5,895, wewe ukiendelea kuongea.

Saa sita usiku / tunatoka Kibo. // Giza. / Baridi. / Changarawe inarudi chini na mguu wako. // Unavuta hewa / na hewa haitoshi. ///

Punguza mwendo kila neno. "Giza" na "baridi" kila moja lisimame peke yake, usiziunganishe na "na". Na tafadhali usimeze silabi ya mwisho ya "haitoshi". Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi ile ya mwisho huwa tunaiacha ife, na maiki ya simu haiokoti kilichokufa.

Hapo / hakuna anayeuliza nani alitangulia Mandara. //

Namwambia mgeni maneno manne tu. // Hatua fupi. // Pumzi ndefu. ///

Mara hii ya kwanza yaseme kikazi, kama unavyoyasema ukiwa na taa kichwani. Usiyapambe. Uzito tunauweka akiba.

Sasa wewe, mdogo wangu. // Mwezi wa nne huu. / Mvua. / Safari hakuna. // Mwenzako amenunua pikipiki. / Wewe leo umepata elfu tano. //

Hapa angalia kamera kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo macho yawe mlimani. Hiyo "mdogo wangu" ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu umekaa stendi hiyo hiyo msimu wa mvua na unajua njaa yake. Nimeandika pikipiki na elfu tano badala ya "mafanikio" kwa sababu mafanikio hayaonekani, elfu tano anayo mfukoni.

Weka elfu moja. // Kesho / nyingine. ///

Hatua fupi. ///

Usihesabu hapa. Vuta hewa kwa pua, taratibu, mpaka kifua kijae. Isikike. Nimesikia watu wengi wakiweka muziki mahali kama hapa, mimi sitaweka kitu. Hiyo pumzi yako ndiyo sehemu ya pili ya maneno, watu wataisikia kabla hujaitaja. Kisha, ukiitoa:

Pumzi ndefu.

Basi. Usiseme asanteni, usiseme wafuate ukurasa. Baki ukiangalia kamera mpaka nishushe mkono.

Tupige saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shanty Town, ule upande kilele cha Kibo kinapoonekana, maana jua likipanda mawingu yanakifunika na bodaboda zinaanza kelele. Ukiwa njiani yaseme mara tatu ukitembea, mguu mmoja kwa kila neno, uone mahali pumzi yako yenyewe inapokata. Isipokata nilipoweka mkwaju, niambie, nitauhamisha mkwaju. Asubuhi hiyo mlima ukijificha, tutapiga hivyo hivyo. Uso wako unatosha.