Nawaaga jamani, ila kwenye mchezo sijatoka

Habari za jioni wapendwa wa ofisi. Tulikubaliana na bosi iwe siri mpaka mwisho wa mwezi, ila Mama Junia akijua kitu leo kesho mpaka wauza maji wa pale getini bandarini wanakupa hongera, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Ni kweli naondoka. Ijumaa ndo siku yangu ya mwisho, Jumatatu naripoti Tunduma, kazi ni hii hii ya mizigo ila sa hivi nakuwa upande wa boda.

Walionifuata inboksi kuuliza nimegombana na nani, sijagombana na mtu. Mume wangu kahamishiwa Mbeya tangu mwaka jana na mimi nimechoka kulea ndoa kwa bando, nafasi imetokea Tunduma nikaona hapa hapa. Bosi nilipomwambia alinyamaza kidogo halafu akasema "sasa wewe ndo utakuwa unatuambia foleni ya malori imefika wapi", yaani mtu hajamaliza kuhuzunika keshapata mtu wa kumpigia simu bure.

Nilikuja hapa mwaka ule wa corona sijui hata D.O. inafananaje. Kaka Side ndo alinikalisha chini akanifundisha kusoma manifesti mstari kwa mstari, na kila nikimuuliza kodi ya bidhaa anakataa kunijibu, anasema fungua kitabu cha ushuru utafute. Nilimchukia sana kipindi kile. Leo niamshe saa nane usiku uniulize mitumba nakwambia 6309, mchele 1006, halafu narudi kulala. Kaka, asante, hiyo elimu chuo sikuipata.

Na ule usiku wa kontena za Lubumbashi sitausahau, mfumo umegoma tangu mchana, storeji inaanza kuhesabu saa sita usiku, mteja anapiga simu kila dakika na Kiswahili chake cha Kongo anatuita "bandugu" huku anatutukana, umeme nao ukakatika. Babu mlinzi akawasha jiko la mkaa pale nje akachemsha chai ya tangawizi kwenye ile sufuria nyeusi haina mfuniko, bosi mwenyewe akaenda kufuata chipsi mayai, tukakaa kwenye maboksi ya mafaili tunamulika na simu. Mfumo ukarudi saa tano na nusu. Side anabofya, sisi wengine tuko nyuma yake hatupumui, rilizi ikatoka, Mama Junia akapiga kigelegele mpaka askari wa ofisi ya jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Kuna jambo moja hili sio la utani. Mama yangu alipofariki sikutegemea kumuona mtu wa ofisini Korogwe, nilijua mtatuma rambirambi kwa simu yaishe. Mkaja Kosta nzima. Bosi akashika jembe makaburini na viatu vyake vile vya ofisi, wadada mkaingia jikoni moja kwa moja kumenya viazi bila kuuliza. Shangazi zangu mpaka leo wananiuliza "wale ndugu zako wa Dar hawajambo?" Sijawahi kuwasahihisha.

Haya tugawane mirathi. Meza yangu ya dirishani anachukua Neema, ila mdogo wangu ujue saa nane jua linaingia lote machoni na ugomvi wa kiyoyozi utaurithi na wewe. Mafaili ya wateja nimeshamkabidhi Side na mihuri iko kwa bosi. Printa ile kubwa inataka uifunge mlango taratibu kisha uigonge ubavuni mara moja tu, ukigonga mbili inagoma mpaka kesho. Deni la mama ntilie nimelipa lote, atakayekula akasema "andika kwa Dada Rilizi" atajua mwenyewe.

Kuhusu mchezo: zamu yangu bado na nimehama ofisi sijahama mchezo. Nitatuma kila tarehe tano kama kawaida, na mwezi wangu ukifika msijifanye mtandao unasumbua, nina namba za wake zenu.

Ijumaa baada ya swala kuna pilau, nimeshaongea na mama ntilie, nyama ipo ya kutosha, wa kupiga picha chakula kinapoa wakae meza ya mwisho. Mkipita Tunduma msilale gesti wakati nyumbani kwangu kuna kitanda, ila mwezi wa sita na wa saba mje na masweta kule baridi haina utani.

Bosi, asante kwa barua nzuri uliyoniandikia, nimeisoma mara mbili nikadhani ni ya mtu mwingine.

Halafu aliyechukua chaja yangu nyeupe airudishe kabla ya Ijumaa, nimewashukuru wote ila huyo bado.