Barua ya Kirafiki: Kumwalika Rafiki Likizoni

Swali la 9. Rafiki yako mliyesoma naye Tanga amehamia Mwanza. Mwandikie barua umwalike nyumbani kwenu wakati wa likizo ya Desemba na umweleze mtakayofanya. Jina lako liwe Zuhura na la rafiki yako liwe Neema. Anwani yako ni S.L.P. 1184, Tanga.

Jibu

                                                  Barabara ya 12, Ngamiani,
                                                  S.L.P. 1184,
                                                  TANGA.

                                                  12 Agosti 2024

Kwako rafiki yangu mpendwa Neema,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza, wewe na wote hapo nyumbani. Hujambo? Sisi huku hatujambo. Bibi aliyekuwa akiumwa goti sasa anakwenda sokoni mwenyewe, na kila akirudi huuliza, "Yule mjukuu wangu wa Mwanza kaandika?"

Nimekuandikia kukuomba uje kwetu likizo ya Desemba. Mama amekubali, na baba amesema atampigia simu baba yako wazungumze. Tangu mzee wako ahamishiwe kazi huko hatujaonana, na darasani sijapata mtu wa kukaa naye tukipima mizani kama tulivyozoea.

Ninalolitamani zaidi ni kwenda nawe Machui. Miaka yote tuliyosoma mashairi ya Shaaban Robert hatukuwahi kufika kwao, ilhali ni karibu, kusini mwa mji. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, akazikwa huko Machui. Mwezi uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupeleka. Nilisimama kaburini nikakuwaza wewe, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kughani. Basi njoo na lile shairi lako la ziwa, ulisome palepale. Vina vyake vya kati vimenipendeza sana, ila ubeti wa tatu uutazame tena, mshororo wa mwisho umezidi mizani moja.

Kutoka hapo tutaendelea na njia ya Pangani mpaka Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo. Unakumbuka Vasco da Gama tuliyemsoma kwenye Historia? Aliporudi kutoka India, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Januari 1499 akaichoma moto meli moja pwani hii hii. Darasani tuliandika tarehe tukafunga daftari. Ukisimama Tongoni ukaitazama bahari, unajua kwamba watu wa hapa walikuwa na mji wao wa biashara na msikiti wa mawe kabla yeye hajatokea. Hilo nataka ulione kwa macho yako.

Mapango ya Amboni tutakwenda siku nyingine kwa baiskeli, maana hayafiki hata kilomita 10 kutoka mjini. Kaka atatusindikiza. Uje na viatu vya kufunga, ndani kuna giza na mawe yanateleza. Jioni tutashuka Raskazone kupunga upepo, na bibi ameahidi kukupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Kuhusu safari, usijaribu kuunganisha siku moja. Panda basi la alfajiri linalopita Singida na Babati, ulale Arusha kwa shangazi yangu. Yeye atakupokea stendi, na asubuhi atakupandisha basi la Tanga. Mkipita Segera ujue umekaribia, na Muheza utaona machungwa yamepangwa barabarani. Ninunulie angalau ya kula njiani tukitoka stendi, mimi na kaka tutakuwa tunakungoja. Wanaosema "Tanga kunani? Waja leo waondoka leo" wasikutishe, wewe hatukuachii kabla ya wiki mbili.

Tafadhali nijibu mapema, kabla ya mitihani ya Novemba, ili shangazi ajipange. Niambie pia kama mdogo wako atakuja nawe, nafasi ya kulala ipo.

Baba na mama yako wape shikamoo zangu. Mdogo wako mwambie nimemtunzia zile kete zake za bao. Bibi, mama na kaka wote wanakusalimu.

                                                  Rafiki yako akupendaye,
                                                  Zuhura