Ripoti ya Uangalizi wa Somo Darasani: Hisabati, Darasa la IV B

Shule ya msingi ya serikali. Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa 2:40 hadi saa 3:20 asubuhi.
Mada: Kulinganisha sehemu.
Waliosajiliwa: 62. Waliohudhuria: 57 (wasichana 31, wavulana 26).
Mwangalizi: Mwalimu wa Taaluma.

Uangalizi huu ulifanyika kwa makubaliano na mwalimu wa somo, ambaye alijulishwa siku nne kabla, na ni sehemu ya mapitio ya utendaji wa nusu mwaka. Nilikaa nyuma ya darasa kwa kipindi chote cha dakika 40, nikaandika yaliyosemwa na kutendwa pamoja na saa yake. Wakati wa zoezi nilipita kati ya madawati ya wanafunzi na kusoma madaftari 12, mawili kutoka kila mstari wa madawati. Yale niliyoyaona nimeyatenganisha na maoni yangu, ili mwalimu aweze kukubali la kwanza hata pale atakapotofautiana nami katika la pili. Ripoti hii haina alama. Alama zitajadiliwa baada ya uangalizi wa pili.

Yaliyoonekana

Azimio la kazi na andalio la somo vilikuwepo mezani na mada iliyofundishwa ndiyo iliyoandikwa kwa wiki hiyo. Madawati yalikuwa 19, kila moja wanafunzi watatu wakitumia kitabu kimoja. Somo lilianza saa 2:44, kwa kuwa madaftari ya kipindi kilichotangulia yalikuwa bado yanakusanywa.

Utangulizi ulikuwa wa swali moja. Mwalimu alisema kwamba chapati moja imegawanywa sawasawa kwa watu wanne, na nyingine ya ukubwa uleule kwa watu wanane, kisha akauliza, "Wewe ungependa ukae kundi lipi?" Mikono mingi ilinyooshwa. Msichana wa mstari wa nyuma alijibu, "La wanne, kwa sababu wale wengine watapata vipande vidogo." Mwalimu aliyarudia maneno hayo mbele ya darasa zima bila kuyabadilisha, akaandika ubaoni 1/4 na 1/8.

Kuanzia saa 2:50 hadi saa 3:01 alitumia mikanda mitatu ya karatasi ya manila yenye urefu sawa. Alikunja wa kwanza mara moja ukatoa nusu, wa pili mara mbili ukatoa robo, na wa tatu mara tatu ukatoa thumuni, kisha akawaita wanafunzi wawili waweke kipande cha robo juu ya kipande cha thumuni. Katika dakika hizo 11 sikuona mwanafunzi anayefanya jambo jingine.

Saa 3:01 mwalimu alihamia kwenye michoro ubaoni ili kulinganisha 1/3 na 1/4. Alichora mistatili miwili kwa mkono, mmoja chini ya mwingine, akatia kivuli theluthi ya wa juu na robo ya wa chini, akasema kwamba theluthi ni kubwa zaidi. Mvulana wa dawati la tatu upande wa dirishani alisema, "Mwalimu, mbona robo ndiyo ndefu?" Mwalimu alijibu, "Angalia vizuri," akaendelea na mfano wa pili. Baada ya kipindi tuliipima michoro hiyo kwa rula, mwalimu na mimi. Mstatili wa juu ulikuwa na urefu wa sentimita 42 na wa chini sentimita 60, hivyo theluthi iliyotiwa kivuli ilikuwa sentimita 14 na robo sentimita 15.

Katika kipindi chote nilihesabu maswali 23 ya mwalimu kwa darasa. Maswali 17 yalijibiwa na darasa zima kwa pamoja, na 6 na mwanafunzi mmoja mmoja, wanne kati yao wakitoka katika mistari miwili ya mbele. Swali "Tumeelewana?" liliulizwa mara 7, na kila mara jibu lilikuwa "Ndiyo."

Zoezi lilikuwa na maswali matano ya kuweka alama ya > au <. Kati ya madaftari 12 niliyoyasoma, 7 yalikuwa na majibu yote sahihi, 4 yalikuwa yameandika 1/8 > 1/4 na kugeuza majibu mengine kwa namna ileile, na moja lilikuwa na maswali yaliyonakiliwa bila majibu. Nilimuuliza mmoja wa wale wanne sababu ya jibu lake, akasema, "Nane ni kubwa kuliko nne." Mwalimu alisahihisha madaftari 20 kabla ya kengele.

Maoni ya mwangalizi

Swali la chapati na mikanda ya karatasi ni ufundishaji ninaotaka walimu wenzetu wauone, kwa kuwa wanafunzi walifikia wenyewe wazo kwamba asili inapokua huku kiasi kikibaki kimoja, kipande hupungua.

Wazo hilo halikuvuka salama kwenda ubaoni. Sehemu mbili hulinganishwa kwa mchoro pale tu vizima vinapokuwa sawa, na mikanda ilitimiza sharti hilo wakati michoro haikulitimiza. Yule mvulana aliona kweli kilichokuwa mbele yake, na swali lake ndilo lililokuwa tathmini bora ya kipindi kizima. Mwalimu alinieleza kwamba alichora kwa kukadiria kwa kuwa rula ya ubaoni ilikuwa darasa jingine, na kwamba alichelea kukosa muda wa zoezi. Nimeyapokea maelezo hayo, na suala la rula ni letu uongozi kulitatua.

Jibu la pamoja humficha asiyejua. Wanafunzi wanne wanaosoma asili kama namba nzima waliitikia "Ndiyo" pamoja na wenzao, na mwalimu hakuwa na njia ya kuwatambua hadi madaftari yalipofunguliwa.

Hatua zinazofuata

Kwanza, Alhamisi tarehe 15 Mei, mwalimu atafungua kipindi kwa kulirudisha swali la mvulana yule mbele ya darasa, akisema wazi kwamba michoro ilitofautiana urefu, na kuwataka wanafunzi waeleze kwa nini jambo hilo lilipotosha. Kila dawati litapewa mikanda miwili ya sentimita 24 iliyokatwa kwenye karatasi zilizokwishatumika. Urefu huo unagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila baki. Nitamsaidia kuikata Jumatano mchana.

Pili, badala ya "Tumeelewana?" atauliza swali moja lenye jibu la kuandika, mathalani "Ipi kubwa, 1/5 au 1/6?", kila mwanafunzi aandike kwenye daftari na kuliinua, naye apitishe macho darasani kabla ya kuendelea. Afanye hivyo mara mbili tu katika kipindi, kwani zaidi ya hapo kwa wanafunzi 57 muda hautatosha.

Tatu, wanafunzi watano ambao madaftari yao yalionesha makosa au kukosa majibu watakaa naye dakika 15 baada ya masomo, Jumatatu na Jumatano kwa wiki mbili, wakianza kwa kukunja karatasi kabla ya kuandika alama yoyote. Madaftari 25 ambayo hayakusahihishwa wala kusomwa siku ile ayapitie kwanza, kwa kuwa huenda wapo wengine.

Uongozi utanunua rula ya ubaoni kwa ajili ya IV B ifikapo tarehe 23 Mei. Uangalizi wa pili utakuwa Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa 2:40 asubuhi, na nitaangalia mambo mawili: jinsi majibu ya mwanafunzi mmoja mmoja yanavyopatikana, na mwalimu anafanya nini anapokutana na jibu asilolitarajia.

Ripoti hii ilisomwa na mwalimu wa somo tarehe 14 Mei 2025. Aliomba iongezwe kwamba wanafunzi wawili kati ya wale watano walihamia shuleni mwezi Aprili, nami nimeithibitisha taarifa hiyo katika rejista ya darasa.

Imesainiwa: Mwalimu wa Taaluma, Mwalimu wa Hisabati, Darasa la IV B.
Nakala: Mwalimu Mkuu.