Ripoti ya Zamu ya Asubuhi: Laini ya 2, Maji ya Chupa (ml 500)

Jumanne, saa 1:00 asubuhi hadi 9:00 alasiri

Lengo: katoni 3,600
Zilizotoka: katoni 2,950 (chupa 35,400)
Zilizokataliwa: chupa 612. Vifuniko kukaa upande 431, lebo kukunjamana 118, ujazo pungufu 63.
Kusimama: dakika 82, mbali na nusu saa ya chai.

2:35–2:57 Umeme ulikatika.
4:10–4:57 Mashine ya vifuniko.
6:20–6:33 Kubadilisha rola ya lebo.

Tatizo kubwa ni vifuniko. Opereta aliona chupa mbovu zinakuja kwa mpangilio, moja katika kila nane, akajua ni kichwa kimoja tu. Fundi alifungua kichwa namba 3, akakuta springi imelegea. Stoo hakuna mpya, tumefunga iliyotolewa kwenye mashine ya zamani. Inafanya kazi, lakini siiamini kwa wiki nzima. Naomba springi zinunuliwe leo, seti nzima.

Katoni 140 zilizotoka kuanzia saa 3:50 hadi kusimama nimeziweka kando na utepe mwekundu. Zimo kwenye hesabu ya juu. ZISIPAKIWE mpaka watu wa ubora wakamue chupa moja moja.

Ajali hakuna. Mpakiaji mmoja hakuja, anaumwa.

Zamu ya mchana: kagueni kichwa namba 3 kila nusu saa.

Msimamizi wa zamu